Mtoto anapopiga darasani: dakika kumi za mwanzo na siku zinazofuata

Alama ya meno bado ninayo kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko cha mkono. Niliipata nikifundisha darasa la pili, katika skuli moja ya Pemba, siku ya Alkhamisi baada ya mapumziko. Mtoto aliyeniuma nitamwita Hamadi, jina si lake. Alikuwa na miaka minane.

Nilikuwa na watoto sitini na wawili. Saa nne na robo nilimwita Hamadi aje asome mstari wa tatu ubaoni, yeye akasoma wa kwanza. Darasa likacheka. Aliporudi alikuta mwenzake, nimwite Bakari, ameshika kifutio chake. Hamadi akasema, "Niache." Akasema tena, "Niache." Nilimsikia mara zote mbili, nikaendelea kuandika. Ngumi ilipotua kwenye mdomo wa Bakari nikapiga kelele kutoka mbele, nikaenda mbio kati ya madawati, nikamshika Hamadi mkono kwa nyuma na kumvuta. Akageuka akaniuma. Nami nikauvuta mkono kwa nguvu, na hapo ndipo ngozi ilipochanika.

Hatua zilizomo humu nimezipata kwa kuirudia ile dakika moja kichwani, kwa mafunzo niliyopewa baadaye, na kwa mara nyingine kadhaa nilizokuwa na Hamadi huyohuyo.

Kabla ya ngumi

Ni nadra mtoto kupiga bila kutoa habari. Hutoa kwa mwili kabla ya mdomo. Hamadi huvuta kola ya shati mpaka kifungo kikatike, mguu hugonga dawati, halafu ghafla hutulia, macho yamekaza, haonekani kupepesa. Ule utulivu ndio wa kuogopa. Mwalimu mgeni hudhani mtoto ametii. Mwengine hujifunika uso, mwengine huchanachana karatasi, mwengine huanza kuuliza jambo moja mara kumi. Kila mtoto ana yake, na utayajua ukimtazama siku mbili tatu ukiwa na nia ya kutazama.

Ukiziona dalili hizo, punguza unachomdai. Usimwite ubaoni, usimwambie akae vizuri, usimuulize ana nini mbele ya wenzake. Pita karibu naye kama unakwenda dirishani, simama ubavuni mwake, sema kwa sauti ndogo jambo moja linaloweza kufanyika: "Hamadi, nipelekee chaki hizi ofisini." Safari ya ofisini na kurudi ni dakika nne, na dakika nne hizo huokoa asubuhi nzima. Kuna walimu wanaosema huko ni kumzawadia mtoto kwa kununa. Mimi naona chaki zimefika ofisini na hakuna aliyepigwa. Hesabu ya nani ameshinda naifanya siku nyengine.

Siku ile kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kusikia "niache" ya kwanza, kutembea taratibu mpaka kwenye lile dawati, na kuomba kile kifutio mimi mwenyewe.

Ngumi zikishaanza

Waondoe wengine kwanza. Ni rahisi kuwatoa watoto sitini kuliko kumtoa mmoja anayepigana, lakini lazima wawe wameshafundishwa. Mimi huwafundisha wiki ya kwanza ya muhula kama mchezo: nikisema "Barazani!" na kupiga makofi mawili, wanatoka kimya kwa mlango, safu ya mlangoni kwanza, wanakaa barazani na kiongozi wa darasa anamwita mwalimu wa jirani. Tunafanya mara tatu, wanacheka, basi. Darasa likiwa tupu, vitu viwili vinaondoka pamoja: watu wa kupigwa na watazamaji. Mtoto aliyezungukwa na wenzake wanaomwangalia hawezi kurudi nyuma bila kuaibika, na aibu kwetu hata mtoto wa darasa la pili anaijua.

Pili, tazama mahali unaposimama. Usimkabili uso kwa uso. Simama upande kidogo, mbali kiasi cha mkono wako mmoja na nusu, mahali ambapo mguu wake haukufikii. Mikono yako iwe chini, viganja wazi aone huna kitu. Usisimame mlangoni. Mtoto anayeona njia imezibwa hupita juu ya yule aliyeziba. Kama amekaa chini, nawe inama au kaa, ila usimkaribie.

Tatu, maneno yawe machache, na yawe yaleyale. Katika hali ile mtoto hasikii mawaidha. Anasikia sauti: iko juu au iko chini, inakuja mbio au haiji. Mimi nina sentensi mbili tu. "Nipo hapa. Hakuna atakayekupiga." Nasema, nanyamaza, nahesabu moyoni mpaka kumi na tano, nasema tena. Sentensi ile ya pili nilichagua makusudi. Watoto wengi hupigana zaidi wakishaona mtu mzima kaja, kwa kuwa wanajua kinachofuata ni bakora, na mtu anayejua atapigwa hana sababu ya kuacha kupiga. Ukiisema, basi iwe kweli, leo na kesho, kwako na kwa mwalimu mkuu. Ukimdanganya mara moja hutaitumia tena.

Kunyamaza ndiko kugumu zaidi. Nilidhani nisiposema kitu nitaonekana nimeshindwa. Nilichogundua ni kwamba kila nilipoongeza neno, hata neno zuri, Hamadi aliongeza teke.

Akitupa vitu, usimpokonye alichoshika. Ondoa vilivyo karibu naye ambavyo hajavishika. Kifutio cha ubao kikirushwa ukutani hakina madhara. Nyembe ni jambo jengine. Skuli zetu watoto bado wanachongea penseli kwa wembe, kila mmoja na kipande chake mfukoni. Tangu siku ile nyembe zote za darasa langu zinakaa ndani ya kopo la maziwa mezani kwangu, na penseli nachonga mimi.

Akikuuma, usivute. Sukuma mkono wako ndani kidogo kuelekea mdomoni mwake, taratibu, taya italegea yenyewe. Usimzibe pua. Akikushika nywele au mtandio, weka kiganja chako juu ya mkono wake, ukandamize kwenye kichwa chako ili asiweze kuvuta, kisha ngoja vidole vilegee. Baadaye osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika tano hivi. Ngozi ikiwa imechanika nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uwaulize kuhusu pepopunda na homa ya ini aina ya B. Mimi nilipaka mafuta ya nazi nikaendelea na somo la hesabu. Usiige.

Kumshika mtoto kuna wakati wake, nao ni mchache: anakimbilia barabarani au kisimani, amemkaba mwenzake, ana kitu chenye makali. Kumshika kwa sababu amevunja rula au ametukana hakuna maana yoyote, na mara nyingi ndiko kunakoanzisha vita vyenyewe, kama kwangu. Ikibidi, muwe watu wazima wawili, mmoja kila upande, mshike juu ya kiwiko na karibu na bega, akiwa amesimama au amekaa. Shingo isiguswe. Kifua na mgongo visikandamizwe. Usimlaze kifudifudi kamwe, wala mtu asimkalie. Watoto wamekufa kwa kukosa pumzi hivyo, huku waliowashika wakidhani bado wanapigana kumbe wanatafuta hewa. Mtoto akisema hawezi kupumua, mwachie, hata kama unadhani ni ujanja. Hatari ikipita tu, mikono itoke.

Nusu saa ambayo haina kazi

Ngumi zikikoma, mtu mzima hutaka kumaliza: "Haya, mwombe mwenzako msamaha." Hapa ndipo nilipoharibu mara ya pili. Hamadi alikuwa amekaa chini ya dirisha, analia. Nikamwinua, nikampeleka barazani akamshike Bakari mkono. Akampiga teke.

Mwili uliopanda namna ile haushuki kwa kukoma kwa ngumi. Huchukua nusu saa, mara nyingine saa nzima au zaidi, na ndani ya muda huo jambo dogo sana linaweza kumpandisha tena, safari hii haraka kuliko mwanzo. Kwa hiyo mpe mahali: mkeka kwenye pembe ya darasa, au chini ya mwembe, pasipo na watu wa kupita. Mpe maji. Kaa mahali anapokuona, ushike kazi yako, sahihisha madaftari. Usimuulize kwa nini. Hajui kwa nini, na ukimlazimisha atatunga.

Utajuaje ameshuka? Pumzi inakuwa ndefu, mabega yanaanguka, anaanza kuangalia vitu: kunguru, watoto wanaopita. Mimi hujaribu kwa ombi dogo lisilo na uzito: "Nishikie kalamu hii." Akiishika bila kusita, tunakaribia. Akiitupa au akigeuza uso, sikasiriki, naongeza dakika kumi. Wengine huwa na usingizi mzito baada ya hapo. Waache walale.

Wakati huo mtu mwengine awe na Bakari. Kwa haki, Bakari ndiye aliyeumia, na katika vurugu hizi mara nyingi husahauliwa kwa sababu halii kwa kelele. Aoshwe mdomo, aangaliwe meno, aambiwe waziwazi kwamba hakustahili kupigwa, hata kama kifutio alikichukua.

Kurudiana

Aanze mtu mzima. Mazungumzo yangu na Hamadi niliyafanya siku ya pili, Ijumaa, kabla ya kengele, tukiwa wawili tu kwenye ngazi za baraza. Nilijipangia mambo matatu, nisizidishe.

"Jana ulisema niache, nami nilikusikia, sikuja. Lile ni kosa langu. Halafu nikakuvuta kwa nyuma, ukashtuka. Na hilo langu."

Akanitazama kiatu.

"Bakari umempiga mdomoni, na mimi umeniuma. Hayo hayafai, hata mtu akiwa na hasira. Leo nataka tutafute utafanya nini ukitaka kuachwa na hakuna anayekusikia."

Kimya kirefu. Kisha akasema, "Nitagonga meza."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Tukakubaliana: akigonga meza mara mbili, anatoka kwenda kukaa mwembeni, hakuna anayemuuliza, anarudi akiwa tayari. Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Angalia kwamba kosa langu halikufuta lake. Nilipokiri la kwangu, la kwake likasemeka bila yeye kuziba masikio. Kuna wenzangu waliosema mwalimu akimtaka radhi mtoto heshima inaondoka. Yangu haijaondoka, au kama imeondoka sijapata habari.

Samahani ya kulazimishwa kati ya watoto siitaki tena. Wanashikana mikono wakiangalia pembeni, wakifika njiani wanarudi palepale. Niliwauliza kila mmoja peke yake: nini kitafanya mambo yawe sawa? Bakari akasema anataka Hamadi asikae nyuma yake. Hamadi, siku tatu baadaye, alileta andazi la bibi yake limefungwa kwenye karatasi ya daftari, akaliweka kwenye dawati la Bakari bila kusema neno. Bakari akalila. Kwa watoto wa miaka minane hiyo ni suluhu kamili, na sikuongeza hotuba.

Darasa nalo linahitaji neno kabla yule mtoto hajarudi ndani. Maneno mawili matatu: "Hamadi alipandwa na hasira, sasa ametulia. Bakari anaendelea vizuri. Hatutalirudia jambo hili kwa kumtania." Ukikaa kimya, watalisimulia wenyewe, na kufika chuo cha Kurani jioni Hamadi atakuwa keshapewa jina.

Nyumbani usipeleke habari kupitia mtoto jirani, wala usimsimamishe mzazi getini mbele ya wazazi wenzake. Mzazi aliyeaibishwa hadharani atampiga mtoto ili watu waone amechukua hatua. Mama yake Hamadi anafanya kazi Unguja, mtoto analelewa na bibi. Nilikwenda alasiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kakufanyani tena huyu?"

Nilimweleza kwa utaratibu uleule, kosa langu kwanza. Nikamwomba asimwadhibu, kwa kuwa jambo limeshashughulikiwa skuli. Hakukubali papo hapo. Akasema wanawe wote wamelelewa kwa fimbo na wote wazima. Sikubishana naye kuhusu wanawe. Nilimuuliza tu: nyumbani anapigana lini? Akafikiri. "Akiitwa. Ukimwita mara tatu haji, ukimgusa anaruka kama kaungua." Kisha akaongeza kwamba jirani anasema mtoto ana sheitani na anataka kumpeleka kusomewa. Nikamwambia asomewe, si vibaya, lakini na sikio lake litazamwe.

Daftari la mistari mitatu

Sikio nilikuwa nimeanza kulishuku kwa sababu ya lile la ubaoni: alisoma mstari mwengine kabisa, bila kusita. Hakukataa kusoma. Hakunisikia. Kuanzia Jumatatu niliweka daftari dogo, na kila alipopandwa nikaandika mistari mitatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Si zaidi ya hapo, maana daftari refu haliandikwi. Andika unachokiona, si unachokidhani. "Amekuwa mkorofi" haisaidii. "Aliitwa kutoka upande wa kulia, hakugeuka, akaguswa bega, akapiga" inasaidia.

Wiki tatu, mara tano. Nne kati yake ziliandikwa karibu sawa na huo mfano. Nilipomkaribia upande wa kulia nikasikia harufu, na ndani ya sikio kulikuwa na usaha. Kituo cha afya walisema ni la muda mrefu, na ngoma ya sikio imetoboka. Wakampa dawa ya matone, wakamwonyesha bibi namna ya kulikausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, wakamkataza kutia mafuta ya nazi na kumwachia mtoto apige mbizi baharini mpaka likauke. Ugomvi ulipungua sana, haukwisha. Alikuwa ameshazoea kwa miaka kwamba mkono unaokuja bila sauti ni mkono wa kupiga.

Si kila mtoto ana sikio. Lakini kabla ya kuamua mtoto ana tabia, angalia anachokiumia: jino, tumbo lisilopata choo, njaa ya asiyekunywa chai asubuhi, uchovu wa anayeanza kufunga Ramadhani. Na mtoto mpole anayebadilika ghafla, ana homa, anaweweseka au shingo imekaza, huyo si wa mwongozo huu. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mtoto anayezinduka kifafa: hushtuka na kupigana akishikwa, kwa hiyo msimshike, ondoeni vya kumuumiza, mkae naye mpaka fahamu zirudi.

Kwa walio kituo cha afya

Yote hayo yanafaa chumba cha sindano, na tofauti moja: pale mtoto ana haki ya kuogopa, kwa kuwa kweli ataumizwa. Trei isikae machoni pake. Aseme mtu mmoja tu, si muuguzi na mama na shangazi kwa pamoja. Usimwambie haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, nitahesabu mpaka tatu imekwisha," na ikwishe kwenye tatu. Mkono upi, achague yeye. Akae mapajani kwa mama kifua kwa kifua, amkumbatie, kuliko kulazwa na kushikwa na watu wanne. Kwa wengi kulazwa chali ndiko kunakoleta mateke. Akipandwa, uliza kama jambo linaweza kusubiri. Kidonda cha kubadilishwa bendeji kinaweza kungoja nusu saa, na mara nyingi anayengojwa nusu saa leo hahitaji kushikwa wiki ijayo. Dawa ya dharura haingoji, nayo ikishatolewa rudi kwake, useme kwamba ulimshika na kwa nini, kabla hajavuka mlango.

Hamadi sasa anakaa dawati la kwanza, ubavu wa kulia umeelekea ukutani, sikio zima liko kwangu. Akigonga meza mara mbili anatoka. Wiki iliyopita aligonga mara tano siku moja, na nadhani mbili kati ya hizo alitaka tu kwenda kuangalia karafuu zinazoanikwa ng'ambo ya uwanja. Nilimwachia zote tano.